Balbu 5 kutoka boksi la 20

"Boksi lina balbu 20, mbovu 4. Nikichukua 5 bila kurudisha, kwa nini 0.8⁵ inakataliwa kama uwezekano wa zote kuwa nzima?"

Ndugu, 0.8 ni ya balbu ya kwanza tu. Ukishatoa nzima moja, zimebaki nzima 15 kati ya 19, kisha 14 kati ya 18. Zidisha:

16/20 × 15/19 × 14/18 × 13/17 × 12/16 ≈ 0.282

Hiyo ndiyo haipajiometri, hesabu ya kuchukua bila kurudisha. Bainomia yako, yaani 0.8⁵, inachukulia kila balbu inarudishwa, inatoa 0.328, inakudanganya kwa karibu pointi 5 za asilimia. Lakini boksi likiwa na balbu 2,000, mbovu 400, jibu sahihi ni 0.3273, bainomia 0.3277. Hapo itumie tu. Mimi huikubali sampuli isipozidi asilimia 5 ya jumla. Yako ni 25.