Vina viko sawa, mizani iko sawa, mbona ubeti haugusi?

"Nimemtungia bibi yangu shairi la tarbia. Wanaolisoma wanasema 'zuri', halafu kimya. Ubeti wa kwanza ni huu. Kasoro iko wapi?

Huzuni imenijaa, moyo wangu waumia,
Mapenzi yake yang'aa, milele nayasifia,
Upweke umenivaa, furaha yanikimbia,
Fimbo yake imekaa, mlangoni nangalia."

Pole kwa msiba. Nimehesabu mizani, ni nane kwa nane mpaka mwisho, kwa hiyo hapo hakuna la kurekebisha.

Chukua kalamu ya rangi mbili. Ubeti wako una vipande vinane, yaani ukwapi na utao wa kila mshororo. Kipande kinachotaja hisia au wazo kipigie mstari. Kipande chenye kitu kinachoonekana, kusikika, kunusika, kuonjeka au kushikika kizungushie duara. Mimi nimepata mistari sita na maduara mawili, na yote mawili yako mshororo wa nne. Msomaji wako amepita mishororo mitatu akiambiwa tu bila kuonyeshwa, na kitu cha kwanza kukutana nacho kikawa ndicho cha mwisho.

Huenda utabisha: "moyo" si kitu? "Yang'aa" si mwanga? Hapo ndipo na mimi nilipodanganyika. Miaka ya nyuma nilimpelekea mtunzi mmoja mzee maombolezo yangu ya beti nne, nikijisifu kuwa yamejaa picha. Akasoma kimoyomoyo, akauliza, "Huu moyo wako unaovuja, unavuja wapi, sakafuni?" Sikuwa na jibu. Tangu siku hiyo kila kipande nakiuliza: ningekuwa pale, ningekiona wapi, ningesikia nini? "Upweke umenivaa" kina kitenzi cha mwilini, lakini hakuna nguo wala mwili ninaouona. Ni istiari iliyotumika mpaka ikachakaa, kwa hiyo ipigie mstari. "Mapenzi yake yang'aa" vilevile. Fimbo inapita, maana ningeweza kujikwaa juu yake.

Sasa tazama kilichokusukuma huko. Kina chako cha mwisho ni -ia, na vitenzi vya -ia vya kusema hisia vimejaa tele: waumia, nalia, nasifia. Ukishavichagua, kina kinakutungia shairi na wewe unabaki karani wake. Hata fimbo "imekaa" kwa sababu -aa imeiamrisha ikae. Dawa yangu ni kuanza na kitu kilichozungushiwa duara, kisha kina nikakitafute ndani ya jina lake. Fimbo inatupa -mbo: wimbo, vyombo, umbo, kitambo. Halafu jiulize maswali ya karibu kabisa. Mpini wake ukoje pale mkono ulipozoea kushika? Ilikuwa ikilia vipi sakafuni? Simjui bibi yako, kwa hiyo nimebuni majibu:

Mlangoni ipo fimbo, mpini umechubuka,
Kila asubuhi wimbo, ko ko ko nikiamka,
Leo nagongesha vyombo, kimya kipate ondoka,
Huzuni haina umbo, mkononi yashikika.

("Kipate ondoka" nimekikata ili mizani itimie, ni inkisari ya kawaida, ingawa wapo watakaokunja uso.)

Rudi na kalamu zako. Fimbo, mpini, mlio na vyombo vyote vina duara. Neno "huzuni" limebaki, ila limehama kutoka mshororo wa kwanza kwenda wa nne, na linapofika msomaji ameshaisikia fimbo, kisha akasikia mtu anapiga kelele jikoni kwa makusudi. Angalia pia kwamba mshororo wa tatu hausemi "upweke" popote. Kwangu mimi huo ndio wenye nguvu kuliko yote, na wa nne ningeweza hata kuubadilisha kabisa. Mshororo huo bado unamhubiria msomaji kidogo.

Usichukulie hii kuwa sheria ya kufukuza kila neno la dhahania. Shairi la mawaidha linaishi kwa kauli, na ukililazimisha kujaza vitu litakwama. Kosa la upande wa pili nalo lipo, na nimelifanya: niliwahi kujaza ubeti kiti, taa, pazia, kikombe na viatu, ukawa orodha ya mnada. Kitu ambacho ukikibadilisha kwa kingine ubeti haushtuki, kiondoe. Weka kiti mahali pa fimbo uone: ule mlio unapotea, na mshororo wa pili unaanguka nao.

Zile beti nyingine zipige mistari na maduara mwenyewe kwanza, halafu uzilete hapa na hesabu yake. Na tafadhali tuambie fimbo ya bibi ilikuwa inalia vipi kweli, maana hiyo "ko ko ko" ni yangu, si yake.