Karatasi ya pH haitakuambia kama dawa imechakachuliwa

SWALI: Mwalimu, shikamoo. Nina saluni Morogoro. Dawa ya kunyoosha nywele ninayoletewa na kijana wa jumla siku hizi haishiki, mteja akiosha mara mbili nywele zinajikunja tena. Halafu mwezi huu mteja mmoja ameungua nyuma ya sikio kwa dawa hiyohiyo. Nimeuziwa karatasi za kupima pH, nimepima kopo, imesoma kali kabisa. Sasa ni orijino au imechakachuliwa? Na kama imetiwa maji, imeunguzaje?

JIBU: Marahaba, dada. Kwa dalili ulizozitaja, naitilia shaka sana dawa hiyo. Lakini hizo karatasi usizitegemee, maana zingesoma vilevile hata kama nusu ya kopo ingekuwa maji. Wanaozitembeza saluni kwa saluni kama “kipimo cha orijino” ama hawajui wanachouza, ama wanajua na hawajali.

Dawa ya kopo inayopakwa bila kuchanganywa na kitu mara nyingi hunyoosha kwa kostiki soda, ileile wanayotumia watengeneza sabuni, na kwa kawaida huwa kama asilimia 2 ya krimu yote. Kwenye kipimo cha pH, kila namba moja ni tofauti ya mara kumi. Mtu akichukua krimu yenye pH 13.7 akaitia maji kiasi sawa na krimu yenyewe, nguvu inabaki nusu, lakini pH inashuka hadi 13.4 tu. Rangi ya karatasi haibadiliki kwa kiwango ambacho jicho litaona. Ili namba moja nzima ishuke, mchakachuaji angetakiwa kuzimua mara kumi, na hapo hata mwanafunzi wa siku ya kwanza angeona kuwa ni uji. Karatasi inakuambia kitu hiki ni kikali. Haikuambii kama kikali hicho kinatosha kunyoosha nywele.

Walewale wanaokuuzia karatasi watakuambia pia kwamba dawa inayowasha ndiyo yenye nguvu. Hili ndilo linalonichosha kuliko yote, kwa sababu ndilo linalounguza watu. Krimu ya kiwandani imechanganywa na mafuta mengi kwa mashine, ikawa nzito, inakaa pale ilipopakwa. Ukiitia maji kwa mwiko kwenye ndoo, mafuta yanayokinga ngozi yanapungua, mchanganyiko haulingani juu na chini, na krimu inakuwa nyepesi inayotiririka. Inatoka kwenye nywele inashuka kichwani, kwenye paji la uso, nyuma ya sikio. Wakati huohuo nywele hazinyooki kwa muda uliozoeleka, kwa hiyo msusi anaongeza dakika tano, kisha nyingine tano. Ndiyo maana dawa dhaifu ikamuunguza mteja wako.

Na hizo nywele zinazojikunja upya: dawa ikishafanya kazi yake, unywele ulionyooshwa haurudi, kinachoota na mkunjo ni ukuaji mpya kwenye shina. Urefu uleule uliopakwa dawa ukijikunja baada ya kuosha, maana yake haukunyooshwa ukaisha tangu siku ya kwanza, na pasi ndiyo iliyokuwa inauficha.

Kipimo unachoweza kukifanya hapo saluni ni cha kulinganisha. Nunua kopo moja la aina hiyohiyo na la nguvu ileile kwa wakala ambaye jina lake liko kwenye lebo kama mwagizaji, na udai risiti ya EFD. Tafuta nywele ambazo hazijawahi kuwekwa dawa, za kichwa kimoja, labda mteja aliyekata. Funga kwa uzi vifungu vitatu, kila kimoja unene wa njiti ya kiberiti. Vaa glavu, tumia sahani ya plastiki na siyo ya alumini, kwa sababu kostiki huila alumini. Kifungu cha kwanza kipake dawa ya wakala. Cha pili kipake dawa unayoitilia shaka iliyochotwa juu ya kopo, cha tatu iliyochotwa chini kabisa. Pitisha mgongo wa kitana kwenye vyote kwa namna moja, na dawa ya wakala ikinyoosha, tuseme dakika ya 12, suuza vyote vitatu kwa pamoja, kisha vioshe kwa shampoo ya kuzima dawa.

Usitoe hukumu vikiwa vimelowa. Unywele uliolowa unadanganya, karibu wote unaonekana umenyooka. Viache vikauke vyenyewe, bila draya wala pasi. Cha wakala kikibaki kimenyooka na hivyo viwili vikajikunja, dawa yako ni dhaifu. Cha juu na cha chini vikitofautiana, krimu haikuchanganywa sawasawa au imejitenga.

Kipimo hiki hakimtaji mwizi. Kopo lililoachwa wazi hudhoofika lenyewe, kwa sababu kostiki hula kaboni dayoksaidi ya hewani. Krimu ya kopo lililokaa juani hujitenga bila mtu kuligusa. Kwa hiyo fanya jaribio kwa kopo ulilolifungua siku hiyo, na ulinganishe namba ya bachi iliyo kwenye kopo na iliyo kwenye boksi lilimotoka. Namba zikipishana, au makopo ya maboksi mbalimbali yakiwa na namba ile moja mwezi baada ya mwezi, usinunue tena kwa huyo kijana. Foili ya juu isikutulize. Mashine ya kuifunga haimshindi mtu kuinunua.

Kwa saluni yako, kuanzia sasa andika kwa maka pen kwenye kila kopo tarehe ulipolifungua. Kwenye daftari la wateja andika namba ya bachi na dakika dawa ilizokaa kichwani. Mteja akirudi analalamika, utajua ni kopo gani, na ni nani wengine waliopakwa dawa yake ili uwapigie kabla hawajaja wao. Wasusi wako wasimwambie mtu “nywele zako ni ngumu” kabla kopo halijapimwa. Maneno hayo yamefukuza wateja wengi kuliko kuungua kwenyewe. Huyo aliyeungua, kama kidonda kinatoa maji, aende hospitali, asipakwe limau wala siki.

Kopo lenyewe usilimalize wala kulitupa. Lifunge na krimu iliyobaki, weka pamoja na boksi na risiti, upeleke malalamiko kwa Tume ya Ushindani, FCC, inayoshughulikia bidhaa bandia, au TBS, ambayo tangu 2019 ndiyo inayosimamia vipodozi badala ya iliyokuwa TFDA. Bila risiti, yule kijana atasema hakujui.

Halafu kuna makopo matupu. Saluni nyingi zinawauzia wapita njia makopo safi yenye lebo nzima na kifuniko chake, kisha zinashangaa dawa ya kuchakachua inapata wapi kopo halisi. Inalipata kwenu. Chana lebo, toboa kitako kwa msumari wa moto, kifuniko kitupe kivyake. Anayenunua plastiki ya kuyeyusha hatajali tundu, na anayekataa kopo kwa sababu limetobolewa, umeshamjua.