Huoni ila una masikio? Kazi ya kutranskraibu inalipa

Juzi kijana kaniandikia, macho yanamwishia, watu wanamwambia akaimbe stendi aokote visarafu. Nimeumia sana maana mimi pia niliambiwa hivyohivyo na ndugu zangu wa damu, na leo kodi ya nyumba nalipa mimi.

Mdogo wangu, mi natranskraibu. Watafiti wanahoji watu kwa Kiswahili, wanakuja na rekodi, mimi nasikiliza naandika neno kwa neno. Unahitaji laptop, earphone, na NVDA, programu ya bure ya kusoma skrini. Sauti ya Kiswahili imo humohumo. Ila kwanza vidole vijue kibodi bila kupapasa, hapo mi nilikaa miezi mitatu.

Rekodi naiweka kwenye oTranscribe, tovuti ya kuandikia rekodi. Naandika na kusikiliza ukurasa uleule, `Esc` inasimamisha na kuendelea, `F1` inarudisha nyuma, `F3` inapunguza spidi. Mwanzoni nilichanganyikiwa kwa sababu NVDA ilikuwa inataja kila herufi ninayobonyeza juu ya sauti ya anayehojiwa, mpaka nikajua `Insert+2` inazima au kuwasha herufi na `Insert+3` inazima au kuwasha maneno. Sasa nasikiliza sentensi nzima, naishika kichwani, nasimamisha, naandika. Hapo ndo kumbukumbu yetu sisi tusioona inafanya kazi, hatujazoea kuchungulia karatasi.

Sasa kosa langu. Kazi ya kwanza nilikubali kulipwa kwa saa ya rekodi bila kuomba hata dakika mbili za kuonja. Kumbe ni akina mama saba chini ya mti, upepo, wanadakiana maneno. Saa moja ya rekodi ikanila saa kumi na moja! Mtu mmoja ofisini palipotulia saa hiyohiyo naimaliza kwa saa tano hivi. Kwa hiyo omba kipande kwanza, chukua dakika tano za katikati, ziandike huku unahesabu muda. Zikikula dakika 25, rekodi ya dakika 40 itakula dakika 200, yaani saa tatu na dakika ishirini, weka na muda wa kuhakiki halafu ndo utaje bei. Wakidakiana bei ipande, usione aibu.

Kuhakiki ndo watu wanaporuka wanaharibu. NVDA ikisoma haraka, "aina" na "haina" zinapita kama mapacha, na mwenye l na r za kuchanganya atasema "kula" akimaanisha kura. Neno ukilitilia shaka bonyeza 5 ya namba za pembeni mara mbili, Num Lock ikiwa imezimwa, litataja herufi moja moja. Na pasiposikika usibuni! Andika [haisikiki] na dakika yake. Mi nilibuni jina la kijiji, mtafiti akaligundua, sikupewa kazi tena pale.