Waketisheni upande wa koo

Nyinyi mnaoanza kufundisha chekechea mwaka huu mtakabidhiwa kipindi cha usafi wa meno, na pengine mtakuta kinywa kikubwa cha mfano kabatini. Kama hakipo mtakitengeneza. Nimekichezesha kinywa hicho na watoto hapa Makorora kwa miaka, na kuna kosa moja nililolifanya muda mrefu kabla ya kuligundua. Nitaanza na kinywa chenyewe.

Cha kwangu kimetokana na beseni moja kubwa jekundu la plastiki. Nililikata katikati, nikapata nusu mbili: moja nimeisimamisha ikawa taya la chini, nyingine nimeigeuza ikawa la juu, zikashikwa na vijiti viwili vya mti ubavuni. Wekundu wa beseni ndio fizi. Mtoto wa miaka mitatu hadi mitano ana meno ishirini ya utoto, kumi juu na kumi chini. Kwa hiyo kila taya lina meno manne ya mbele, chonge mbili, halafu magego mawili kila upande. Ya mbele na chonge nilikata kwenye chupa bapa za losheni. Magego ni vitako vya chupa za soda za nusu lita, kwa sababu kile kitako chenye vibonde na vidole vitano kinafanana sana na uso wa gego. Kila jino nimelipasua kidogo pande mbili nikalipandikiza juu ya ukingo wa beseni, nusu ndani nusu nje, nikalikaza kwa waya na kupaka rangi nyeupe. Kingo zote zilizokatwa zipitisheni juu ya mshumaa zilainike, kisha zizungushieni selotepu. Mimi niliruka hatua hiyo mara ya kwanza, na mtoto akachanika kidole siku ileile.

Ukoga ni unga wa ngano uliokorogwa na maji na manjano hadi uwe mzito kama uji wa kulamba. Upakeni mahali ambapo ukoga wa kweli hukaa: kwenye mifereji ya magego, katikati ya jino na jino, na pale jino linapokutana na fizi. Brashi ni ya kufulia, mpya, iliyofungwa kwenye mpini wa mti.

Sasa kosa lenyewe. Nilikuwa nakiweka kinywa mezani kikiwa kimewaelekea watoto, kama mtu anayecheka nao. Walikipenda. Walisugua kwa zamu, manjano yakatoka, darasa likapiga makofi. Mvulana mmoja wa miaka minne na nusu alikuwa hodari kuliko wote, hakubakisha hata alama. Siku moja, baada ya chai ya saa nne na maandazi, niliwapa miswaki yao, na yeye akasugua kwa bidii mpaka jasho likamtoka. Nilipomwomba apanue mdomo nikakuta andazi limeganda lote kwenye magego ya chini, upande wa ndani kule ulimi unakolala. Meno ya mbele yalikuwa yanang'aa.

Nilikaa nikamtazama anavyofanya. Alikuwa anasugua kinywa chake kama alivyosugua kile cha beseni, yaani kama mtu aliyesimama nje anatazama ndani. Anayesimama mbele ya kinywa huona sura ya nje ya meno tu. Na kulia kwa kinywa kile kulikuwa kushoto kwake, kwa hiyo mkono wake haukujifunza njia yoyote. Alijifunza kuosha beseni.

Tangu hapo nimekigeuza. Ule upande uliokatwa wa beseni ndio koo, na uko wazi. Watoto wangu sasa wanakaa kooni, kinywa kikiwa kimewapa kisogo. Kutoka hapo wanaona meno kama ulimi unavyoyaona: sura ya ndani kwanza, magego yakiwa karibu nao kabisa, na kulia ni kulia. Hata hivyo sisemi kulia na kushoto, maana wengi bado wanayachanganya. Nasema upande wa mlango na upande wa dirisha, na wanapokuja kusugua meno yao wenyewe wanakaa wakiwa wameelekea palepale.

Mchezo ni wa daladala. Mswaki ndio gari, na kondakta ni mtoto mwenye zamu. Gari linaanzia magego ya chini kwa ndani, upande wa mlango, linapita meno ya mbele kwa ndani, linafika magego ya upande wa dirisha. Hivyo ni vituo vitatu. Taya la juu kwa ndani, vitatu vingine. Halafu nje chini na nje juu, sita. Mwisho nyuso za kutafunia, vinne. Jumla kumi na sita. Kondakta akiita "Kituo!" darasa linahesabu moja hadi kumi, na hesabu yao ya haraka huchukua sekunde saba au nane, kwa hiyo safari nzima ni kama dakika mbili. Anzeni na ndani, wakati mtoto bado ana hamu. Meno ya mbele yatasuguliwa hata asipoambiwa, kwa sababu ndiyo anayoyaona kwenye kioo.

Lakini jueni kinywa cha beseni kinafundisha mahali tu, hakifundishi mkono. Brashi kubwa inataka nguvu za bega, na mtoto akiihamishia nguvu hiyo mdomoni atajiumiza fizi. Kwa hiyo katikati kuna hatua ambayo msiiruke: kila mtoto achukue mswaki wake mdogo mkavu na kuzungusha viduara juu ya kucha zake, pale kucha inapokutana na nyama. Iwe inatekenya. Ikiuma, amekandamiza. Pale ndipo mfano wa jino na fizi, na anausikia mwilini mwake.

Kwa wiki mbili za kwanza mimi situmii dawa ya meno kabisa. Povu linaficha kila kitu, na ile tamu wanaimeza. Tukianza, ni dawa yenye floraidi kiasi cha punje ya njegere, naitia mwenyewe. Aliye chini ya miaka mitatu anapata punje ya mchele. Wanatema, hawasukutui, ili floraidi ibaki kwenye meno.

Mikono ya watoto hawa bado haijakomaa, hata akicheza daladala vizuri namna gani. Mtu mzima anatakiwa kumalizia nyumbani mpaka afike miaka saba hivi. Nilipomwita bibi wa yule mvulana nikamweleza, alisema, "Mwalimu, huyu nikimshika kidevu ananigeuzia uso." Nikamuuliza mjukuu wa kike anamsuka vipi. Akavuta kigoda, akamweka mvulana chini katikati ya magoti, mgongo kwake, akakilaza kichwa chake nyuma pajani. Akauona mdomo wote kutoka juu.

"Kumbe hapa pana doa," akasema, akionyesha gego la chini.

Lilikuwa jeupe kama chaki, kando ya fizi, bila shimo. Nikamwambia doa la namna hiyo bado linaweza kupona likisuguliwa kwa floraidi asubuhi na usiku, ila ampeleke kliniki ya meno Bombo walitazame kabla halijageuka kahawia. Akauliza kama alale na chai yake ya maziwa au aache. Nikamwambia anywe, halafu asuguliwe, halafu alale.