Shoga yako akikwambia amemwona mumeo na mwanamke mwingine, anza na yale aliyoyaona

*"Rafiki yangu ameniambia alimwona mume wangu Mikindani jioni, ameketi na mwanamke mwingine karibu karibu. Sijui nimuulize au ninyamaze, na nikimuuliza nianzie wapi."*

Pole sana, dada. Kabla hujaamua lolote kuhusu mumeo, rudi kwanza kwa rafiki yako, kwa sababu amekuletea mambo mawili yaliyofungwa pamoja: aliyoyaona na aliyoyadhania. Mimi nililazimika kuyatenganisha hapa Lindi, msimu mmoja wa korosho, shoga yangu aliponijia jikoni na kuniambia, "Fumbua macho, mumeo ana mtu."

Nilimwomba anisimulie tangu mwanzo, nami nikajizuia kumuuliza kama walishikana mikono, kwa kuwa swali la namna hiyo humpa msimulizi picha ambayo hakuwa nayo. Ikaonekana kwamba alikuwa ndani ya haisi iliyopunguza mwendo pale Mnazi Mmoja, Jumatano alasiri, akamwona mume wangu kwa upande, amevaa shati lake la mistari ya buluu, akipakia begi la mwanamke kwenye bajaji, kisha wakaingia wote wawili. Nilipomuuliza yale maneno ya "kucheka kama wapenzi" aliyapata wapi, alinyamaza kidogo, akakiri kwamba gari lilikuwa limekwisha kupita. Hakuwa mwongo. Alikuwa ameogopa kwa niaba yangu, na hofu hujaziliza pale ambapo jicho halikufika.

Kisha nilijiuliza ni nini katika yale yaliyobaki kilichopingana na maneno ya mume wangu mwenyewe. Kuwa Mnazi Mmoja hakukuthibitisha kitu, maana kila atokaye Mtama kuja Lindi mjini hupita hapo. Wala kumsaidia mtu begi si kosa. Lakini alikuwa ameniambia kwamba angebaki Mtama hadi Alhamisi usiku kwa sababu ya kupima korosho, na Jumatano ile hakulala nyumbani. Hapo ndipo nilipoona kwamba ni lazima niseme. Kama asingekuwa ameniambia lolote kuhusu siku ile, huenda ningemtajia tu kwamba ameonekana Mnazi Mmoja, nikamwacha aeleze.

Nilisubiri siku mbili, hadi watoto walipokwenda kwa bibi yao. Sikuipekua simu yake, kwa kuwa nilijua kwamba nikifanya hivyo mazungumzo yote yatageuka kuwa kesi ya simu. Nilikuwa karibu kumtega kwa kumuuliza "Jumatano ulikuwa wapi?" huku jibu ninalo, lakini mtego wa aina hiyo humsukuma mtu aongeze uongo wa pili, kisha mnagombana juu ya huo wa pili na lile jambo la kwanza linabaki bila kuguswa. Kwa hiyo niliweka mezani kila nilichokuwa nacho: "Baba Zuhura, nimeambiwa ulionekana Mnazi Mmoja Jumatano alasiri, ukapanda bajaji na mwanamke. Wewe uliniambia uko Mtama hadi Alhamisi. Sijui maana yake, na ninaumia. Naomba unieleze."

Akauliza mara moja, "Nani kakwambia?" Jiandae kwa swali hilo, kwa sababu ukimtaja rafiki yako, usiku wote utaishia kwenye tabia za rafiki yako. Nilimjibu kwamba aliyeniambia tumwache nje, tuizungumze Jumatano.

Jasho na macho yanayokwepa hayakunisaidia kujua ukweli, kwa maana hata asiye na hatia hutetemeka akishukiwa. Nilichokitazama ni kama maelezo yake yana mambo yanayoweza kuthibitishwa, na kama yatabaki yaleyale baada ya wiki. Alisema mwanamke yule ni mama wa mtoto aliyempata kabla hatujaoana, kwamba mtoto alikuwa amelazwa, na kwamba alilala kwa dada yake ili awe karibu na hospitali. Mtoto nilimjua. Nilichokuwa nimeambiwa ni kwamba mawasiliano yote hupitia kwa mama mkwe. Wifi yangu aliyathibitisha aliyoyasema, bila mimi kumweleza sababu ya kuuliza.

Kwa hiyo shoga yangu alikosea kuhusu mapenzi, lakini uongo ulikuwepo, nao uliniuma kwa miezi. Tulikubaliana kwamba safari na fedha za mtoto yule nizijue kabla, na mara mbili tangu wakati huo nimelazimika kumkumbusha.

Kama mumeo ana mkono mwepesi, usifuate njia yangu ya kukaa naye peke yenu; mtafute kwanza mshenga au mzee anayemheshimu, awepo. Kama sivyo, muulize rafiki yako leo, kabla hamjaizungumza habari hiyo tena na tena: alikuwa umbali gani, ilikuwa saa ngapi, mwanga ulikuwaje, na "karibu karibu" ni karibu kiasi gani. Kisha kumbuka mumeo alikwambia jioni ile yuko wapi.