Barua ya ufadhili Italia: Kiitaliano kinauliza ambayo Kiswahili hakiyasemi

Swali: Shikamoo mwalimu. Naomba ufadhili wa masomo ya uzamili, ukarabati wa majengo ya kale, katika chuo kikuu cha Italia. Barua ya motisha niliiandika kwa Kiswahili, jamaa akanifasiria. Rafiki yangu wa Malindi anayekisema Kiitaliano anasema imekaa kigeni na mambo mengine hayaeleweki. Aya ya kwanza ni hii: "Nimezaliwa Mombasa, nimelelewa Mji wa Kale. Nilianza chuo nikiwa na miaka mitano. Baada ya diploma ya ujenzi nikafanya digrii ya miaka minne. Nimefanya kazi na mafundi wa nyumba za mawe kwa miaka minne. Sasa nataka kufanya masters." Na tafsiri yake nimeiambatisha. Nirekebishe wapi? (Binti wa Kibokoni)

Jibu: Marahaba, mwanangu. Kiswahili chako kiko sawa, na mfasiri wako sarufi anaijua. Ila aya yako imenyamazia mambo ambayo Kiitaliano hulazimisha yasemwe, naye badala ya kukuuliza akakisia.

Tuanze na sentensi iliyo na uzito kuliko zote, ile ya kazi. Yeye ameandika "Ho lavorato per quattro anni". Kwa Mwitaliano, maana yake ulifanya kazi miaka minne kisha ukaacha. Kiswahili chetu kikisema "nimefanya kazi kwa miaka minne", msikilizaji hajui kama bado uko kazini au umetoka. -Me- inabeba yote mawili na mazungumzo ndiyo huamua. Kiitaliano kina njia mbili na huwezi kusimama katikati. Kama kazi imekwisha, ni wakati uliopita pamoja na "per". Kama inaendelea, kitenzi kinakaa wakati uliopo na muda unatanguliwa na "da": "lavoro da quattro anni". Kwetu inashangaza kwamba kazi ya miaka minne isemwe kwa wakati uliopo, ndiyo maana wafasiri wengi wanaotoka kwenye Kiswahili huteleza hapo. Nadhani wewe bado uko na mafundi hao, maana barua nzima inawazungumzia kama watu wa leo. Basi kamati imesoma kwamba uliacha, na itajiuliza tangu hapo umekuwa ukifanya nini.

La pili ni jinsia. Ameandika "sono nato", yaani amekuzaa mwanamume. "Nimezaliwa" haisemi kama wewe ni binti au mvulana, lakini Kiitaliano husema, na husema tena kila kitenzi cha namna hiyo kinaporudi: nata, cresciuta, mi sono iscritta, sono rimasta. Ukirekebisha kimoja ukaacha kimoja, barua itakuwa na watu wawili ndani yake. Pitia pia watu wengine uliowataja. "Mwalimu wangu" ni mwanamke au mwanamume? "Ndugu yangu" ni fratello au sorella? Mwandikie mfasiri majibu hayo pembeni kabla hajaanza.

Sasa masomo, ambako pana hatari ya kueleweka vibaya kabisa. Sisi watu wa Pwani tukisema mtoto ameanza chuo, kila mtu anajua ni chuo cha Kurani. Mfasiri wako, ambaye bila shaka si wa huku, akaandika "università", na sasa umeingia chuo kikuu na miaka mitano. Ingekuwa "scuola coranica", lakini ushauri wangu ni kuiondoa sentensi hiyo katika barua hii, kwa kuwa kamati inatafuta uhusiano kati ya uliyoyafanya na kozi unayoiomba.

Neno "diploma" nalo ni mtego, kwa sababu Kiitaliano kinalo neno lilelile. Likiachwa peke yake, Mwitaliano huelewa cheti cha kumaliza sekondari. Miaka yako ya chuo cha ufundi baada ya sekondari inapotea hapo hapo. Eleza kwa maneno: "un percorso triennale postsecondario in edilizia", ikiwa ilikuwa miaka mitatu. Na digrii yako usiiite "laurea triennale", maana hiyo ni ya miaka mitatu na yako ni ya minne. Andika "titolo universitario di primo livello, di durata quadriennale". Jina la cheti lenyewe liache kama lilivyochapishwa kwenye cheti.

Ila kosa ambalo lingeweza kukugharimu maombi ni "un master". Tunachoita masters, Italia ni "laurea magistrale": miaka miwili, krediti 120. "Master" kwao ni kozi nyingine, fupi zaidi, ya kunoa taaluma, na kwa kawaida ina krediti 60. Unaomba ufadhili wa kitu kimoja na barua yako inataja kingine.

Kuhusu mafundi: neno letu linabeba cherehani, magari na nyumba, na mfasiri akachagua "meccanici", yaani mafundi wa magari. Ungeandika "waashi" asingekwama. Kwa Kiitaliano ni "muratori". "Nyumba za mawe" pia ongezea ni mawe gani, kwa kuwa jiwe letu la matumbawe na chokaa yake ndiyo sababu ya wewe kwenda kusoma. Mwambie "pietra corallina" na "calce".

Aya yako ningeiandika hivi:

"Sono nata e cresciuta a Mombasa, nella Città Vecchia. Dopo un percorso triennale postsecondario in edilizia ho conseguito un titolo universitario di primo livello, di durata quadriennale, e da quattro anni lavoro con i muratori che restaurano le case in pietra corallina del mio quartiere. Vorrei ora proseguire gli studi con una laurea magistrale in restauro."

Utaona "io" haimo. Kitenzi cha Kiitaliano hujitajia mtu kwa mwisho wake, kama chetu kinavyojitajia kwa ni- mwanzoni, kwa hiyo "io" katika kila sentensi ni sawa na kuandika "mimi nimezaliwa, mimi nimelelewa, mimi nimefanya". Na "voglio" ya mfasiri, yaani "nataka", imekuwa "vorrei", yaani "ningependa", kwa sababu ya kwanza inasikika kama amri.

Zile salamu zako ndefu na dua za mwanzo hazihamishiki, ingawa kwetu ni adabu. Fungua na "Gentile Commissione," kisha, kwa kuwa kuna mkato, mstari unaofuata unaanza kwa herufi ndogo. Funga na "Ringraziando per l'attenzione, porgo distinti saluti." Kiitaliano cha ufukweni Malindi humwita kila mtu "tu", yaani "wewe" ya kirafiki, lakini kwa kamati tumia "Vi" na "Vostra" za heshima hadi mwisho. Soma pia tangazo la ufadhili, yaani "bando", uone linataka barua ya lugha gani na urefu gani, maana kozi nyingi za huko hufundishwa kwa Kiingereza na huenda barua wakaitaka kwa lugha hiyo.

Tafsiri mpya ikifika, mpe rafiki yako wa Malindi bila kumwonyesha Kiswahili chako. Akusimulie kwa mdomo, sentensi kwa sentensi: wewe ni nani, umesoma nini na miaka mingapi, kazi unaendelea nayo au umeacha, unaomba kozi gani. Pale atakapositasita au kusimulia lisilo lako, iwekee alama sentensi hiyo uirudishe kwa mfasiri.