Maswali na majibu: Roboti inayofaulu kwenye kompyuta na kufeli ghalani

Roboti yetu ya kuokota bidhaa inafaulu asilimia 98 kwenye uigaji wa kompyuta. Ghalani inaangusha vifuko vya plastiki. Kamera ni mbovu?

Kila anayeniandikia huanza kwa kuilaumu kamera. Ni kweli ina udhaifu wake: ile inayopima umbali kwa mwanga wa infraredi huchanganyikiwa mbele ya plastiki angavu, kwa kuwa mwanga hupenya au huruka kando. Lakini wewe umesema roboti inaangusha, hukusema inashindwa kushika. Mimi ningeanza na kikombe cha kufyonza, kile kilicho kwenye ncha ya mkono wa roboti kinachoshika kitu kwa kuvuta hewa.

Katika uigaji mwingi, kikombe kikishagusa kitu, programu hukiunganisha na mkono moja kwa moja, kana kwamba kimetiwa gundi. Hakuna hewa inayovuja. Ghalani mambo ni mengine. Kikombe chenye kipenyo cha milimita 30 kina eneo la takriban sentimita 7 za mraba. Pampu ikipunguza shinikizo la ndani kwa kilopaskali 60, kinashika kwa nguvu ya nyutoni 42, yaani kilo 4 na ushee. Sasa kipe kifuko chenye mikunjo. Hewa inaingia pembeni, na tuseme tofauti ya shinikizo inabaki kilopaskali 10 tu. Nguvu imeshuka hadi nyutoni 7. Kifuko cha gramu 500 kina uzito wa nyutoni 4.9, hivyo kinainuka vizuri na watu wanapiga makofi. Mkono ukianza kukipandisha kwa mchapuko wa mita 5 kwa sekunde mraba, nguvu inayohitajika inafika nyutoni 7.4. Kifuko kinadondoka kikiwa hewani.

Rekodi shinikizo la ndani ya kikombe tangu kugusa hadi kuachia, kila mara. Ikiwa halikushuka kabisa, kikombe hakikukaa sawa, na hapo ndipo uichunguze kamera. Ikiwa lilishuka vizuri kisha likapanda tena ghafla mkono ulipochapuka, kikombe kimebanduka: punguza mchapuko, au tafuta kikombe chenye mdomo laini zaidi. Likishuka kidogo tu na kubaki hapo, hewa inavuja, na dawa yake ni pampu inayovuta hewa nyingi kwa wakati mmoja, si ile yenye ombwe kali. Timu ya Berlin iliyoshinda shindano la Amazon la kuokota bidhaa mwaka 2015 ilitumia mashine ya kawaida ya kufyonzea vumbi. Inachekesha, lakini mashine hiyo huvuta hewa nyingi kiasi kwamba uvujaji mdogo hauisumbui.

Tukibadilishabadilisha rangi, mwanga na msuguano kwenye uigaji, si tatizo litaisha?

Litapungua, na kufanya hivyo ni jambo la busara. Mkono wa roboti ambao OpenAI waliuonyesha mwaka 2019 ukipanga mchemraba wa Rubik ulifunzwa kwa njia hiyo, ndani ya kompyuta tu. Lakini soma na sehemu ambayo watu huiruka: mchemraba ukivurugwa vibaya kabisa, mkono huo ulifaulu mara moja katika tano.

Zaidi ya hapo, unaweza kubadilisha kile tu ulichokiweka. Kama kifuko chako kwenye kompyuta ni boksi gumu, hata ukipe viwango elfu vya msuguano hakitakunjika wala kuvujisha hewa. Pima vitu vyako halisi kwanza, vile vilivyochakaa na kuchanika hasa, ndipo uchague cha kubadilisha.

Tutumie programu gani ya uigaji: MuJoCo, Gazebo au Isaac Sim?

Nimeshajibu hili mara nyingi mno. Ile ambayo timu yako tayari inaijua.

Mbona roboti za Amazon zinafanya kazi bila shida?

Kwa sababu ghala ndilo lililobadilishwa. Kampuni ya Kiva, ambayo Amazon waliinunua mwaka 2012 kwa dola milioni 775, ilibandika alama sakafuni, ikawaweka watu nje ya eneo la roboti, ikazipa kazi moja: kuingia chini ya rafu, kuinyanyua na kuipeleka kwa mfanyakazi. Kuokota bidhaa kwenye rafu kulibaki kazi ya mkono wa binadamu. Anayekuuzia mkono wa kuokota kwa kukuonyesha video za roboti hizo anakuuzia kitu kingine.

Roboti za kupeleka vifurushi zitafika lini Kariakoo?

Zile za magurudumu madogo zinahitaji njia ya waenda kwa miguu iliyo wazi. Pale njia hiyo ina bidhaa za machinga, mkokoteni na pikipiki iliyoegeshwa, na kesho vimehamia kwingine. Kampuni ya Zipline, walioanza kupeleka damu hospitalini Rwanda mwaka 2016, waliikwepa barabara kabisa: ndege yao isiyo na rubani hudondosha kifurushi kwa parachuti.

Kwani roboti ya kuokota ikifaulu asilimia 95 si nzuri?

Kwa maokoto 600 kwa saa, hayo ni makosa 30. Kila kosa likimchukua mtu dakika moja kulirekebisha, nusu ya saa yake imeisha. Muulize muuzaji kama mshahara wa mtu huyo umo kwenye bei aliyokupa.